Yeyote Mwenye Linki

Kazini walikuwa wananiita Dada Ratiba, na nilikuwa napenda, nisiseme uongo. Tulikuwa wanne tu: manesi wawili, dereva, na mimi. Kazi yetu ni kuwafuata majumbani wagonjwa ambao hospitali imeshawaambia hakuna tena cha kufanya, kuwasafisha vidonda na kuwapelekea dawa ya maumivu. Ratiba ilikuwa kwenye jedwali moja la mtandaoni: siku, mgonjwa, nyumba, anachohitaji. Asubuhi manesi wanalifungua kwenye simu, wanapanda gari, wanaondoka. Jedwali likisema, limesema.

Shida ilikuwa dereva. Kila siku faili linamkatalia, linamtaka aingie kwa barua pepe yake, na nenosiri keshalisahau tangu lini. "Dada Ratiba, hili dude linaniuliza mimi ni nani! Liambie mimi ndiye mwenye usukani."

Siku moja nikachoka naye. Nikafungua sehemu ya kushiriki faili, nikaondoa "waliotajwa tu", nikaweka "yeyote mwenye linki". Pembeni panauliza huyo yeyote afanye nini: aangalie tu, au ahariri. Nikaweka ahariri, kwa sababu dereva huwa anajaza saa ya kufika. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Nesi mkubwa, tunayemwita Twiga kwa urefu wake, akanichungulia begani.

"Yeyote, yaani yeyote kweli? Hata asiyeingia kwa jina lake?"

"Dada, nani ana haja na jedwali la wagonjwa wetu?"

Akacheka, nami nikacheka. Dereva akafungua faili mara moja tu, likakubali, akapiga mluzi siku nzima.

Wakati huo mama yangu mzazi naye alikuwa mgonjwa wetu. Anaishi na mdogo wangu, ndiye anayemwogesha, anayempikia, anayeamka naye. Mdogo wangu alikuwa ananipigia mara tatu kwa siku: dada, nesi anakuja lini? Nikamtumia linki ileile. "Angalia mwenyewe, uniache nifanye kazi." Ndivyo nilivyomwambia, kwa ukali huohuo. Simu zikakoma, nikashukuru.

Jumatano moja mchana akanipigia mke wa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mstaafu, saratani imemwingia kwenye mifupa. Twiga alikuwa akimpelekea chupa ya dawa ya maumivu kila Jumatano, ya kutosha siku saba.

"Mwanangu, nesi hajafika."

Nikalitazama jedwali. Mwalimu, nyumba ya geti la bluu: Ijumaa.

"Mama, ni Ijumaa wiki hii."

"Mbona yeye mwenyewe alituambia Jumatano? Dawa imeisha asubuhi."

Hapa ndipo ninapojichukia. Ningempigia Twiga, mambo yangeishia hapo. Lakini jedwali lilikuwa mbele yangu, limepangika vizuri, na mama wa watu alikuwa na sauti tu kwenye simu. Nikadhani kachanganya siku, uzee na kukosa usingizi. Nikamwambia, "Mama, ratiba inasema Ijumaa. Vumilieni kidogo."

Akasema, "Haya, mwanangu." Hakubishana. Laiti angenitukana.

Ijumaa asubuhi Twiga alirudi ofisini kabla ya saa nne, chupa bado iko mkononi. Alikuta geti la bluu liko wazi na viti vimepangwa uani. Mwalimu alifariki Alhamisi alfajiri. Kufa angekufa, hilo tulilijua sote. Lakini alikufa akiuma shuka. Majirani wa nyumba ya tatu walimsikia.

"Mimi Jumatatu nilimwona kwenye Jumatano," Twiga akasema. "Jumatano asubuhi nikaona kuna mwingine, nikadhani umewapigia simu kwa Mwalimu mkakubaliana. Nani kamhamisha?"

"Si mimi," nikasema.

Tukafungua historia ya mabadiliko ya faili. Kila kitu kipo pale, saa na dakika. Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni, mistari miwili imebadilishana siku. Ya Mwalimu imekwenda Ijumaa, nyingine imeletwa Jumatano. Mahali pa jina la aliyebadilisha pameandikwa mtumiaji asiyejulikana.

"Wezi wa mtandaoni hao!" dereva akaruka. "Wametuingilia!"

Hakuna aliyetuingilia. Faili lilikuwa linapokea yeyote, bila kumuuliza jina, kwa hiyo halikuwa na jina la kutuonyesha. Nikasoma mstari ule mwingine. Ulikuwa wa mama yangu.

Nikatoka nje kumpigia mdogo wangu. Hakuficha hata kidogo.

"Ndiyo, nilibadilisha mimi. Mama alikuwa amevimba miguu, nikaogopa. Nikaona panaandikika, nikadhani ndivyo mnavyofanya, mtu akiwa na haraka anabadilishana na mwenzake. Kwani vipi?"

Nikamwambia. Akaanza kulia, si kilio cha kuomba radhi, kilio cha mtu aliyechoka miaka miwili. "Iliandikwa Mwalimu na chupa moja tu, dada. Sikujua anaumwa nini. Kwa nini ulinipa?"



Niliporudi ndani nikawaeleza wenzangu yote. Twiga hakunigombeza, akakaa tu mbele ya kompyuta na kuniambia nilifunge faili. Nikarudisha "waliotajwa tu": manesi wahariri, dereva aangalie tu kwa nenosiri jipya, saa za kufika atazisema kwa simu. Linki ile sasa haimfungukii mwingine yeyote. Dereva akauliza wangapi walikuwa nayo. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna pa kuangalia. Ukimtumia mmoja naye akamtumia mwingine, faili halijui, na majina ya wagonjwa wetu na nyumba zao yalikuwa wazi humo kwa miezi mitano. Tungeweza pia kulirudisha jedwali lilivyokuwa Jumatatu, kubofya mara moja tu. Twiga akakisogeza kidole karibu na kitufe, akakiondoa. Lingetusaidia nini?

Jumapili nikaenda kwenye geti la bluu. Twiga alitaka kunisindikiza, nikakataa.

Mke wa Mwalimu alinipokea vizuri, na hilo liliniumiza kuliko kufukuzwa. Akanipa kiti. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na shuka moja jeupe, limechanika pembeni.

"Nilitaka kukuuliza kitu," akasema. "Siku ile, nesi alikwenda kwa mgonjwa aliyezidiwa kuliko mume wangu, siyo? Nimekuwa nikijiambia hivyo. Ndilo linalonipa usingizi."

Ningeweza kusema ndiyo. Mungu ni shahidi, neno lilifika kwenye ulimi. Nani angejua?

"Hapana, Mama. Alikwenda kwa mama yangu. Alimkuta amekaa kizingitini anasukwa nywele. Mdogo wangu ndiye aliyebadilisha siku, hakujua. Mlango wa kubadilishia niliuacha wazi mimi. Na uliponipigia, nilikuwa na njia ya kukuamini, sikukuamini."

Nikasubiri kilio, au kofi, vyote nilivistahili.

"Na mama yako," akasema taratibu, "anaendeleaje sasa?"

Nikageuka kutazama lile shuka kambani. Akauliza tena, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Hajambo," nikamwambia. "Uvimbe umepungua."