Chumvi Kwanza

Tangu lile pilau la kule Kanoni, hakuna mtu wa Kayanga aliyemwambia Bi Samiha neno baya, na hilo ndilo lililomkera. Angetukanwa angejibu; mdomo anao. Lakini watu walimwonea huruma. Walimuuliza hali ya kichwa kwa sauti ya chini, wakamletea mkungu wa ndizi kana kwamba kafiwa, na kila aliyepanga shughuli ya kupika akapita mbali na mlango wake.

Kwa miaka mingi hapakuwa na harusi ya Waislamu kuanzia Kayanga hadi Nyaishozi ambayo masufuria yake hayakusimamiwa na Bi Samiha. Halafu bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye tope, akajigonga kichwa barabarani, akalazwa siku chache na kurudi nyumbani na kovu juu ya sikio. Maneno alikuwa nayo yale yale, majina ya watu hakusahau, hata habari za zamani alizisimulia vizuri kuliko waliokuwapo. Wote wakasema kapona. Ndipo ikaja hitima ya Kanoni. Sufuria moja akalitia chumvi mara tatu, la pili hakulitia kabisa, na mwenye nyumba akalazimika kuchemsha ndizi na maharage haraka haraka huku wageni wakiwa wamenawa mikono.

Sasa mjukuu wake Nusra alikuwa anaolewa, na mwanawe Ukasha, baba wa bibi harusi, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, alikuwa amekwisha kuongea na mpishi wa Bukoba.

"Nani atapika harusi ya Nusra?" Bi Samiha aliuliza. "Mtu wa Bukoba? Mimi nitakaa wapi, uwanjani na wageni, nikila kwa mikono miwili?"

"Mama, si ugomvi. Twende hospitali, wapime. Wakisema unaweza, sufuria ni lako."

"Na wakisema siwezi?"

Ukasha akainuka, akavaa viatu. Bi Samiha akachukua mtandio wake.

Mpimaji alikuwa Restuta, mtaalamu wa saikolojia, mwenyeji wa Muleba, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alikuwa amekuja kutoka Bukoba kuona wagonjwa walioumia vichwa, na hospitali ya wilaya ilikuwa imempa chumba cha meno kwa siku hiyo. Kiti kikubwa cha kung'olea meno kilikuwa kimesukumwa pembeni na kufunikwa shuka. Bi Samiha alikitazama kwa mashaka mpaka alipohakikishiwa kwamba hakimhusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Na mama yuko?"

Restuta aliitikia yote. Kisha akauliza swali ambalo hakuna daktari aliyewahi kumuuliza Bi Samiha: akihesabu peke yake jikoni, huhesabu kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, alisema. Wazazi wake walitoka pwani, Kinyambo alijifunzia sokoni. Basi watapima kwa Kiswahili, alisema Restuta, asije akapoteza nguvu kwa kutafsiri.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Alisomewa hadithi fupi akaisimulia, na baada ya nusu saa akaisimulia tena, hata akamlaumu mtu wa kwenye hadithi kwa uzembe wake. Alisomewa maneno, akayakumbuka mengi. Ukasha, aliyekuwa amekaa nje, alimsikia mama yake akicheka, akaanza kuona haya kwa ajili ya mpishi wa Bukoba.

Halafu zikaja tarakimu.

"Nitakusomea namba moja moja," alisema Restuta, "nawe utazirudia kwa mpangilio ule ule. Sirudii, kwa hiyo nisikilize."

Alisoma taratibu, kila namba kwa kadiri ya sekunde moja. Tatu mpaka nne zilikuwa mchezo. Alipomaliza kusoma tano, mlango ulifunguka.

"Shikamoo, bibi!" Alikuwa Adelgunda, muuguzi, amefuata koleo lake la meno.

"Marahaba, mwanangu! Za nyumbani? Mama yako mguu wake vipi?"

Mguu wa mama ulikuwa nafuu. Adelgunda akaondoka na koleo lake. Bi Samiha akamgeukia Restuta, akafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu. Si kwamba namba zilikuwa zimechanganyika, hazikuwapo. Ni kama alikuwa hajaambiwa lolote. Jasho lilimtoka, maana alikumbuka mahali alipowahi kuwa na utupu ule ule: mbele ya sufuria la Kanoni, kijiko cha chumvi mkononi, akijiuliza kama anakwenda au anarudi.

"Hilo halihesabiwi," alisema Restuta. "Tumeingiliwa." Akaufunga mlango kwa ufunguo, akasoma namba nyingine. Bi Samiha akazirudia tano. Sita zikamshinda, mara ya kwanza na ya pili, na hapo Restuta akakoma.

Kisha alitakiwa kuzigeuza: akisikia mbili, tisa, aseme tisa, mbili. Hizo aliweza. Zilipokuwa tatu alishika ya mwisho, akaishika ya katikati, na ya kwanza ikamponyoka, mara mbili. Akaambiwa sasa azipange kuanzia ndogo kwenda kubwa. Huko nako alifika mahali akakwama, akatazama mikono yake. Mikono hiyo ilikuwa imelisha nusu ya wilaya. Alitamani kulia, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya kiti cha meno, akakasirika.

"Kwani nani anapika kwa kurudisha namba nyuma?"

"Hakuna," Restuta alikiri. "Lakini unapopika unashika jambo kichwani huku unafanya jingine. Hilo ndilo ninalolitafuta. Alama nimemaliza kuzichukua. Niruhusu kitu kimoja cha nje ya alama."

Akamwita Ukasha aingie aketi. Akasoma namba nne, kisha akanyamaza, naye Bi Samiha akanyamaza, midomo ikimtikisika. Baada ya muda Restuta akauliza, na namba zote nne zikatoka, safi kabisa. Akasoma nyingine nne. Safari hii, kabla kimya hakijaanza, akasema, "Bibi, shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu, nimeamka salama, alhamdulillah, na wewe..." Bi Samiha alishika kinywa.

"Zimekwenda?"

"Zote."

Restuta akamgeukia Ukasha, akamsomea namba saba na kumsalimia kabla hajapumua. Ukasha aliitikia, akatoa tatu, akabahatisha ya nne, akaikosa. Bi Samiha alifurahi mno kuliko inavyompasa mama.

"Hata mzima anazo nafasi chache," Restuta alieleza. "Kumbukumbu ya zamani ni kama ghala, na ghala lako, bibi, limejaa na liko salama. Hii nyingine ni kiganja tu. Kilichomo kiganjani tunakishikilia kwa kukirudiarudia kimoyomoyo. Mdomo ukienda kwenye salamu, ule urudiaji unakatika na vitu vinadondoka. Kwako kiganja kimepungua baada ya ajali. Kinaweza kuongezeka, maana miezi bado michache. Siwezi kukuahidi."

"Kwa hiyo hawezi kupika," alisema Ukasha, si kwa furaha.

"Sijasema hivyo. Namba zangu hazijui pilau. Zinaniambia atakosea wapi: akiwa na mambo mawili kwa pamoja, na akiingiliwa. Bibi, siku ile ya Kanoni, ulipokuwa unatia chumvi, nani alikuja?"

Bi Samiha alikumbuka vizuri. Ghala lilikuwa salama. Walikuja wote. Jikoni kwenye shughuli kila anayefika hupita kwanza kwa mpishi: huyu shikamoo, yule salamu za Kinyambo zinazouliza mpaka migomba, na yeye aliitikia kila mmoja mpaka mwisho, maana ndivyo alivyolelewa.

"Basi chumvi ya kila sufuria ipimwe mapema, ikae kwenye bakuli lake mbele ya sufuria lake," alisema Restuta. "Ukimwaga, lifudikize, mdomo chini. Bakuli lililofudikizwa linakumbuka kwa niaba yako. Ila hata hivyo, bakuli likiwa mkononi, usimwitikie mtu yeyote mpaka ulifudikize."

"Nisiitikie salamu?"

"Kwa muda huo tu."

"Mwanangu, mimi nimewachapa watoto wa mtaa mzima kwa kupita bila kusalimia. Watasema pikipiki imenitia ujeuri."

"Inawezekana," alisema Restuta. "Sufuria litakuwa lako au salamu zitakuwa zako. Vyote viwili kwa dakika ile moja, sasa hivi, huwezi. Nakuambia kweli."

Njia nzima ya kurudi Bi Samiha alinung'unika. Lakini Ukasha alimpigia simu mpishi wa Bukoba, akamwomba radhi, na mama yake aliposikia alinyamaza ghafla, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kumlaumu.

Asubuhi ya harusi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba, na masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga nyuma ya nyumba. Mbele ya kila moja paliwekwa bakuli la chumvi. Eustadia, jirani yake aliyekuwa msaidizi wake jikoni siku zote, alisimama njiani na mwiko, akiwaambia waliokuja kwamba mpishi ataitikia, wangoje. Wengine walicheka. Bibi mmoja wa Nyaishozi alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kungoja. Bi Samiha alimwona, na ilimuuma. Walikuwa wamefahamiana tangu ujana.

Sufuria la kwanza: akamwaga, akafudikiza. La pili: akamwaga, akafudikiza. Alikuwa ameinua bakuli la tatu, akisema kimoyomoyo *hili la tatu, hili la tatu*, aliposikia kandambili nyuma yake. Eustadia alikuwa amezuia wote, lakini huyu angemzuiaje? Nusra alikuwa ametoroka chumbani mwa wapambaji, hina ikiwa mpya mikononi, khanga ya bibi yake kichwani. Leo jioni angeondoka kwenda kwa mumewe, kule Kyerwa. Alipiga goti pale pale kwenye majivu.

"Shikamoo, bibi."

Mjukuu huyu alifundishwa neno hilo na Bi Samiha mwenyewe, kabla hajajua kusema maji. Na katika maisha yake yote hakuwahi kulisema likakosa jibu. Koo la Bi Samiha lilijaa marahaba. Alibana midomo. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, maana machozi hayahitaji maneno.

Hili la tatu.

Akamwaga. Akakoroga. Akaliinamisha bakuli, akalifudikiza juu ya kigoda, akalikandamiza kwa kiganja mpaka akaridhika.

Nusra alikuwa bado amepiga goti.

"Marahaba," alisema Bi Samiha, akamwinua. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Umeamkaje? Umekula? Wamekupaka hina vizuri? Hebu nione." Na akamuuliza yote, moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka mwisho.