Ukurasa wa Spès

Claudette, sekretere wa kikundi cha akiba cha Katogota, aliandika daftari kwa tarehe za mikutano: aliyeweka pesa mezani ndiye aliyeandikwa jina. Sasa alikuwa akihamishia kila mwanachama kwenye ukurasa wake, ili deni lionekane likipanda na kushuka.

Kwenye jina la Upendo kalamu ilisimama. Upendo hakuwahi kukopa hata franka, lakini alikuwa amelipa elfu sitini, na mwezi uliofuata elfu hamsini na tano.

Claudette akafungua ukurasa wa Spès, jirani wa Upendo. Alikopa laki moja, riba kumi kwa mia kila mwezi. Mwezi wa kwanza, laki na elfu kumi. Toa sitini, zinabaki hamsini. Mwezi wa pili, riba elfu tano. Toa hamsini na tano, hakibaki kitu.

Miezi ile miwili Spès aliumwa, akamtuma Upendo na pesa. Alilisema hilo mpaka sauti ikamkauka, lakini Upendo alikuwa ameshahamia Burundi, na kikundi kikachukua mbuzi wa Spès. Spès akafa, akazikwa akiitwa mwizi.

Jumapili Claudette alisoma kurasa zote, na kila mwanachama alijibu "Ni kweli," kama kawaida yao.

"Spès. Deni, sifuri. Kosa ni la mkono wangu."

Kisha Térence, mume wa marehemu, akasimama kule nyuma.

"Ni vile alisemaka," akasema, akatoka nje.