Mashine Haioteshi Nywele

Haya yote ni kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata ya kuonjea. Msimulizi ameapa kwa masharubu yake mwenyewe, na anayeyajua masharubu hayo anajua kwamba hakuapa kwa kitu kidogo.

Katika kibanda cha kinyozi, gazeti lilisomwa kabla nywele hazijakatwa. Mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kukimbilia. Atasikia habari za dunia atake asitake. Kisha kinyozi hutoa hukumu, na nani ambishie mwenye wembe?

Asubuhi ile habari ilikuwa ya presha. Wanaomeza vidonge vya presha, gazeti lilisema, hulazwa hospitali mara nyingi kuliko wasiovimeza.

"Mmesikia?" kinyozi akasema. "Tunameza ugonjwa kwa maji ya kunywa."

"Soma mpaka chini, fundi," sauti ikatoka benchini.

"Chini kuna matangazo ya magodoro."

Dada mkubwa wa kinyozi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliishi chumba cha nyuma ya kibanda, na alikuwa amemeza vidonge hivyo kwa miaka. Wiki ile alikuwa na mafua, kichwa kinampasuka. Kinyozi akavichukua vidonge, akaviweka juu ya kabati asikovifikia.

"Pumzisha mwili, dada."

Dada hakubisha. Siku chache baadaye kichwa kikatulia, akaanza hata kufagia uani, na kibanda kizima kikasimuliwa.

Binti wa dada, muuguzi wa zahanati, akaja mbio.

"Mjomba, kichwa kiliondoka na mafua. Angevimeza, angepona vilevile."

"Mbona hakupona mpaka alipoviacha?"

"Siku ileile aliacha kuvaa lile sweta lake. Mbona hulisifu sweta?" Benchi likaanza kutabasamu. "Wanaomeza hulazwa zaidi kwa sababu wengi wao ni wazee, na walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Wateja wanaokuja kwako kila wiki, nywele zao hukua haraka kuliko za wanaokuja mara moja kwa mwezi. Mashine yako ndiyo inayoziotesha?"

Benchi likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Faraghani pengine kinyozi angesikia. Mbele ya wateja wake, ng'o.

"Mpime basi, mtaalamu."

"Nimempima. Imepanda."

"Anaumwa wapi?"

"Presha haiumi, mjomba."

"Ugonjwa usiouma," kinyozi akawageukia wateja, "huo ni ugonjwa au biashara?"

Safari hii walicheka upande wake. Binti akaenda kumsihi mama yake, akajibiwa kwa upole kwamba mjomba wake hajawahi kumdanganya. Na kweli, hakuwahi. Yeye mwenyewe aliamini.

Mwezi haujaisha, dada akaingia kibandani na kikombe cha chai cha kaka yake. Kikombe kikalala upande. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, mdomo ukavutwa shavuni, miguu ikamwisha nguvu. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa nusu kimenyolewa, alitoka na shuka shingoni kutafuta gari.

Ukumbini mwa hospitali kinyozi alimshika mpwa wake mkono.

"Ni mimi. Aliacha vidonge, kiharusi kikampiga. Sema."

"Unafanya yaleyale, mjomba. Kimoja kimefuata kingine, umeshafunga kesi."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Sikusema hivyo. Wapo wanaomeza na bado kinawapiga. Kwa mama peke yake, hakuna atakayejua kamwe." Alikuwa amechoka, hakupandisha sauti. "Ila maelfu ya watu waligawanywa kwa kura, hawa wakapewa vidonge vya kweli, hawa visivyo na dawa. Kura haichagui mzee wala mgonjwa, kwa hiyo pande zote zilianza sawa. Waliopata vya kweli, wachache zaidi walipigwa na kiharusi. Mama alikuwa na nafuu hiyo. Wewe ukaiweka juu ya kabati."

Kinyozi alitaka hukumu, iwe ya kifungo au ya msamaha. Akanyimwa zote mbili. Kibandani wateja walianza kuambizana, "Aliacha vidonge, umeona?", kwa uhakika uleule waliokuwa nao walipokisifia kichwa kilichotulia. Yeye aliendelea kunyoa. Gazeti alilifutia wembe.

Kisha jioni moja, alipokuwa akimlisha uji, dada alimtazama na kusema waziwazi, "Kaka, nisomee gazeti."

Msimulizi alitaka kuishia hapo. Aliusoma mwisho huo kibandani, kwa madaha, mkono mmoja ukipapasa masharubu. Kinyozi akazima mashine.

"Hilo hakulisema," akasema. "Dada hajatamka neno mpaka leo."

Benchi likatazama sakafu.

"Uliapa kwa kitu gani, mzee?" kinyozi akauliza.

 Msimulizi aliketi kitini, akafungwa shuka, akamwinulia kinyozi mdomo wa juu, masharubu yakingoja wembe.