Meya na Bafu

Jumanne, tarehe nne Machi, asubuhi ya jua kali. Mwandishi wa habari alimwandikia mhariri: "Mkuu, roho inanisuta. Katika kipande tulichorusha jana, meya anasema, 'Sitaoga tena.' Hotuba nzima inaendelea: 'mpaka mtaa huu upate maji.' Hatukupotosha?"

Mhariri alisikiliza hotuba yote. "Tumepotosha. Turushe sentensi nzima, tuombe radhi."

Meya alipopata habari hiyo, akampigia mhariri simu. "Ndugu yangu, acheni kile kipande kifupi kibaki hewani. Mchafu huchekwa tu, mwenye ahadi hudaiwa."

"Kifupi kinadanganya, mheshimiwa."

Wakarusha sentensi nzima. Ijumaa mke wa meya aliingia chumba cha habari, akasimama mbele ya wafanyakazi wote.

"Mimi ndiye ninayelala naye. Naahidi, maji yatafika Jumatatu."