Damu Inayokimbia

Tulipokuwa tukitafsiri kipeperushi cha kliniki, muuguzi alinisihi niandike "presha" tu, maana kila mtu analijua. Nikakataa katakata. Fundi wa maneno mimi, nilitaka Kiswahili chenye picha! Nikaandika: "ugonjwa wa damu kukimbia".

Dada yangu alikibandika ukutani kwa fahari. Kila asubuhi aliweka kiganja kifuani. Akisikia moyo umetulia, alisema, "Leo haikimbii," asimeze kidonge. Nilikuja kuyajua hayo baada ya kiharusi, shemeji aliponionyesha kopo la vidonge bado limejaa.

Sasa dada hawezi kusema. Nikienda kumwona, huuvuta mkono wangu kwa ule wake mzima, akauweka kifuani pake, akanikazia macho akingoja jibu.