Ukurasa wa Kwanza wa Mjomba

Hoja yenyewe ilikuwa mistari sita. Mshonaji, diwani mpya barazani, aliiandika mwenyewe juu ya meza ya cherehani, kati ya sare mbili za shule, na haikumsumbua hata kidogo. Kilichomnyima usingizi kwa wiki nzima ni ukurasa uliokuja kabla yake, yaani ukurasa wa kutambua waheshimiwa, ambao aliuandika mjomba wake.

Mjomba alikuwa mshereheshaji. Harusi za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, na mahafali, na ufunguzi wa maduka. Kwake yeye, mtu anayesimama mbele za watu akaanza kusema bila kumtaja kila mmoja kwa cheo chake ni sawa na mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe kupitia dirishani. Kwa hiyo alikaa jioni tatu, akatoa orodha ya watu ishirini na mmoja, kila mmoja na cheo chake na sifa mbili tatu za kumnogesha.

"Hapa kwa Mzee wa Vyeo usikimbie," alimwambia mpwa wake, akigonga karatasi kwa kidole. "Huyu ukimtaja vizuri, umempata. Mtaje nusu, atanuna mpaka uchaguzi ujao."

"Mjomba, si marefu mno maneno haya?"

"Marefu kwa nani? Wewe ni mgeni mle ndani, mwanangu. Mgeni anaingia kwa adabu."

Mshonaji hakubisha, na alikuwa na sababu. Aliyegongwa na pikipiki mbele ya shule ya msingi alikuwa mjukuu wa mjomba huyo huyo, na mguu wa mtoto ulikuwa umetolewa plasta juzi tu. Hoja ilidai matuta mawili na kivuko cha watembea kwa miguu mahali pale. Mjomba hakuwa diwani. Barazani angekaa viti vya nyuma na wananchi wengine, na kanuni haimruhusu mwananchi wa viti vya nyuma kufungua mdomo wala kupiga makofi. Basi yote ambayo angeyasema aliyamimina kwenye ukurasa wa kwanza, maskini, na nani angekuwa na roho ya kumwambia apunguze?

Isitoshe, kikao kilikuwa cha mwisho kabla ya mpango wa mwaka kufungwa. Hoja isiyopita siku hiyo ingesubiri mwaka mwingine mzima, na watoto wangeendelea kuvuka vile vile.

Kikao kilifunguliwa saa tatu asubuhi. Akidi ilitimia, dua ikasomwa, mwenyekiti akatambua meza kuu na wageni, akakaribisha mgeni rasmi kutoka ofisi ya mkoa, naye mgeni rasmi akamtambua mwenyekiti, makamu wake, mkurugenzi, katibu, wakuu wa idara, viongozi wa dini na waandishi wa habari. Kisha kila diwani aliyepewa nafasi alianza upya kutoka juu. Watu wale wale walitambuliwa mara saba kabla ya saa nne na nusu, na kila mara walitikisa vichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba wanasikia habari mpya.

Mzee wa Vyeo, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ndiye aliyetia fora. Alikuwa na vyeo vitano na hakupenda kimoja kilale njaa. Ndiye pia aliyemwahidi mshonaji, pale mlangoni, kwamba ataiunga mkono hoja yake. Bila wa kuunga mkono hoja haijadiliwi, inaanguka pale pale ilipotolewa, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Upande wa kulia wa mshonaji alikaa diwani mmoja fundi baiskeli, mtu wa mikono mizito na shati lililopigwa pasi kwa bidii. Wenzake walimwita Kimya. Alikuwa na miaka mitatu barazani na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake kwenye kipaza sauti. Alinyoosha mkono wakati wa kura, alikunywa chai wakati wa chai, akaenda zake. Watu walishaamua kwamba hana la kusema.

"Namwita mtoa hoja," alisema mwenyekiti. "Dakika tano, mheshimiwa."

Mshonaji alisimama. Katibu wa baraza, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kwa kamba, alibonyeza saa yake pale pale. Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na si mshonaji wala mjomba wake aliyeujua. Mjomba alizoea harusi, ambako saa ni ya bwana harusi na hakuna anayeiangalia. Madiwani wa siku nyingi waliosema kabla yake walikuwa wakichangia taarifa za kamati, na hao mwenyekiti aliwaachia. Lakini kwa mtoa hoja kanuni ilikuwa kali: dakika zake zinahesabiwa tangu anaposimama, si tangu anapofika kwenye hoja. Kengele moja dakika ya nne, kengele mbili dakika ya tano, na kipaza sauti kinazimwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, mlezi wetu na dira yetu," alianza mshonaji, na sauti haikutetemeka kama alivyohofia. "Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, nguzo isiyotikisika. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha majukumu mazito ya mkoa ukaja kuketi nasi..."

Alisoma polepole, kama alivyofundishwa, akiinua macho kwa kila mtajwa na kungoja kichwa kitikisike. Kule nyuma mjomba alikuwa akisogeza midomo pamoja naye. Mkurugenzi alitajwa, na uchapakazi wake. Katibu alitajwa, na hakutikisa kichwa kwa sababu alikuwa akitazama saa. Wakaja viongozi wa dini, mkuu wa idara ya afya, mkuu wa idara ya elimu na walimu wote walio chini yake. Mshonaji alianza hata kuona raha.

Kengele ililia mara moja.

Alidhani ni ya kumpongeza. Kisha akamwona katibu ameinua kidole kimoja, na akaelewa. Dakika moja. Alikuwa amewataja watu tisa. Walibaki kumi na wawili, na wa kumi kwenye orodha, ambaye cheo chake cha kwanza kilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, alikuwa Mzee wa Vyeo. Mzee alishajiweka sawa kitini na kufunga kifungo cha koti.

Mshonaji aliutazama ukurasa wa mjomba. Aliipenda kila herufi yake, na aliona uchungu. Akaufunua, akauweka chini ya ule wa pili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "naomba kutoa hoja kwamba baraza hili liingize kwenye mpango wa mwaka huu matuta mawili na kivuko mbele ya shule ya msingi ya kata yangu. Tangu mwaka uanze wamegongwa watoto wanane pale. Wa nane ana miaka saba. Nilimshonea sare mpya kwa sababu ile ya kwanza ilibidi waikate kwa mkasi hospitalini. Naomba kutoa hoja."

Akakaa. Kengele mbili zililia akiwa ameshakaa.

Wakuu wa idara wawili, ambao hawakutajwa, walitazamana. Mzee wa Vyeo alifungua kile kifungo cha koti, akaegemea nyuma na kukunja mikono.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema diwani mmoja wa mbele. "Mtoa hoja amewatambua wengine, wengine amewaruka. Wamo wageni humu. Hii si heshima."

Mwenyekiti aliinama kwa katibu. Katibu alivaa miwani yake, akafungua kitabu cha kanuni bila haraka, akasoma kwa sauti isiyo na upande: "Diwani atakapozungumza atasimama na kuelekeza maneno yake kwa mwenyekiti." Akafunga kitabu. "Basi, Mheshimiwa. Wengine hawamo."

"Hawamo?" aliuliza mwenyekiti.

"Hawajawahi kuwemo. Ni mazoea tu."

Mwenyekiti alijikuna kidevu. Alikuwa ametambuliwa mara nane asubuhi ile na pengine yeye naye alikuwa amechoka. "Mtoa hoja yuko sawa," alisema. "Hoja imetolewa. Nani anaunga mkono?"

Macho yalimwendea Mzee wa Vyeo. Yeye alikuwa akisoma ratiba ya kikao kwa makini, ile ile aliyoisoma tangu saa tatu. Mshonaji alimtazama na akajua kwamba ahadi ya mlangoni imekwisha. Alitamani kusimama amtaje sasa, vyeo vyote vitano na cha sita cha kubuni, lakini dakika zake zilikuwa zimekwisha na kipaza sauti kilikuwa kimezimwa.

"Nauliza mara ya pili. Nani anaunga mkono?"

Kiti cha kulia kwake kilisukumwa nyuma. Kimya alikuwa amesimama. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika usukani asioujua, na kikalia, akakisogeza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. Alisubiri kidogo, akaangalia huku na huku, kama aliyetegemea mtu amzuie. "Naunga mkono."

Katibu aliandika. Mjadala haukuchukua muda. Mhandisi aliulizwa, akajibu kwamba matuta mawili yanawezekana kabla ya muhula ujao. Mwenyekiti akawahoji madiwani, wanaoafiki wakasema ndiyo, na ndiyo ikashinda. Mzee wa Vyeo hakusema ndiyo wala siyo. Kule nyuma mjomba, mtu aliyekula kwa kupigisha watu makofi, aliibana mikono yake katikati ya magoti ili isimponyoke.

Wakati wa chai alimkuta mpwa wake uani. "Umewaacha kumi na wawili," alisema.

"Nimewaacha, Mjomba. Nisamehe."

"Watanuna."

"Watanuna."

Mjomba alipangusa uso kwa leso, na macho akayapitia humo humo. "Wacha wanune," alisema. "Nenda kanywe chai, mwanangu."

Lakini kabla hajafika kwenye chai fundi baiskeli alimsimamisha karibu na ngazi. Alitazama nyuma kuhakikisha hakuna anayesikia.

"Dada, hebu niambie. Kwa hiyo ukisema tu Mheshimiwa Mwenyekiti, inatosha?"

"Umemsikia katibu. Inatosha."

"Wale wote wengine?"

"Hawamo."

Alitikisa kichwa taratibu. "Mimi yale majina hayanikai. Nani aanze, nani afuate, yupi mheshimiwa, yupi ndugu. Nilijaribu nyumbani, mke wangu akinishikia karatasi. Nikifika kwa wa tano naanza kuloa jasho. Nikasema bora ninyamaze kuliko kumvunjia mtu heshima." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo yake imelainika na kuanza kutoboka. Aliikunjua kwa uangalifu, vidole vikubwa vikishika pembe tu. Ilikuwa hoja, mistari minane kwa mwandiko wa mkono: kisima cha kata yake kilichokauka, na ombi la kuchimbiwa kingine. Juu palikuwa na tarehe.

Mshonaji aliisoma tarehe mara mbili. Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.

"Na maji wanachota wapi mpaka leo?" aliuliza.

"Mtoni," alisema fundi baiskeli. "Saa moja na nusu kwenda, na mzigo ukirudi."