Tawi la Kwanza

Mimi ni mwalimu wa hesabu na sina subira na watu wanaoogopa namba. Kwa hiyo dada yangu alipoingia darasani kwangu saa ya mapumziko, tumbo la miezi minane mbele, macho yamevimba kwa kulia, nilimnyang'anya karatasi ya kliniki kabla hajakaa. Kipimo cha haraka cha ugonjwa wa homa ya ini: anao.

"Wanasema kinapatia tisini kwa mia," alisema. "Kwa hiyo nimekwisha."

"Nani kakwambia? Kaa hapo."

Nikashika chaki, nikachora mti. Shina, matawi mawili. Chukua wajawazito elfu kumi wa mji huu. Bango la kliniki linasema mmoja kati ya mia anaugua, kwa hiyo tawi la wagonjwa lina mia, la wazima elfu tisa mia tisa. Kila tawi likazaa mengine mawili. Kipimo kinawakamata wagonjwa tisini kati ya mia: tisini. Lakini kinawasingizia wazima watano katika kila mia: mia nne tisini na tano.

"Walioambiwa wanao ni mia tano themanini na tano. Wanaoumwa kweli kati yao ni tisini tu. Kumi na tano kwa mia, dada! Ile tisini yako inasema kati ya wagonjwa wangapi wanakamatwa, siyo kati ya waliokamatwa wangapi ni wagonjwa."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Aliondoka anatembea kama msichana, nami nikajiona bingwa. Hata sikumuuliza kama kliniki imemwandikia kipimo cha pili cha kuthibitisha.

Kesho yake asubuhi nesi wa kliniki akanipigia simu.

"Mwalimu, dada yako anasema haji kutolewa damu ya kwenda maabara kuu. Eti umemchorea mti."

Damu ilinichemka. Sikuwa na kipindi mpaka saa tano, nikaenda kliniki mbio mbio kumfundisha kazi. Nesi alikuwa anapanga vichupa kwenye boksi la barafu; gari la maabara lingeondoka saa nne. Nilichora mti ule ule nyuma ya kadi ya kliniki, kwa kalamu yake mwenyewe. Aliufuata tawi kwa tawi, midomo ikicheza.

"Hesabu haina kasoro," alisema. "Ila hii moja kwa mia umeitoa wapi?"

"Ukutani kwenu!"

"Hiyo ni ya wajawazito wote. Mama yenu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Majirani tuliwaambia ni tumbo. Cheti cha hospitali kiliandika ugonjwa huu huu.

"Alimzaa dada yako akiwa nao," nesi aliendelea taratibu. "Dada yako mwenyewe ndiye aliyeniambia. Watoto wa akina mama kama hao waliopimwa hospitali kuu, thelathini katika kila mia wanao."

Miaka kumi na moja nafundisha swali hili, na kila mara namba ya kwanza hutolewa na kitabu. Sijawahi kuwafundisha watoto kuuliza ni ya nani. Nilichora upya. Watu elfu moja, mia tatu wagonjwa, mia saba wazima. Waliokamatwa, mia mbili sabini. Waliosingiziwa, thelathini na watano. Mia mbili sabini katika mia tatu na tano.

Themanini na nane kwa mia, na ushee.

"Ikithibitishwa mapema, mtoto anachomwa sindano ya kinga siku ile ile anayozaliwa," alisema nesi. "Nisipojua, nitamchoma nini? Gari linaondoka baada ya dakika arobaini."

Nilipiga simu. Dada alikuwa anaimba huko, sufuria zinagongana, na nilijichukia vibaya sana.

"Dada, nilikosea. Siyo kwenye matawi ya mwisho, ni kwenye la kwanza. Nilikuhesabu kama mtu yeyote, nikamsahau mama."

"Sasa ni ngapi?"

"Themanini na nane."

Sufuria zilinyamaza. Nikaanza kueleza sindano, gari, maabara, maneno yanakimbizana, naye akanikatiza.

"Nimekuelewa. Nakuja na bodaboda, mwambie nesi anisubiri." Kisha akavuta pumzi. "Na wewe je? Mama yetu ni mmoja. Umeshapimwa?"

Nilitazama kadi iliyokuwa mkononi. Thelathini kwa mia, hata kabla ya kupimwa. Usiku uliopita nilikuwa nimelala fofofo.

"Sijapimwa," nilisema.

"Basi tangulia wewe. Nikifika nikukute umeshatolewa, nisiogope peke yangu."

Nesi alikuwa amesikia. Alisukuma kiti kwa mguu. Nilikunja mkono wa shati, nikakaa, nikaogopa kama dada.